Mnofu wa Friza Bila Maji Kikaangoni

Samaki wa friza huharibika kikaangoni kwa mtindo ule ule kila mara. Mnofu ukiingia kwenye mafuta unalia vizuri kwa sekunde chache, halafu mlio unafifia na kuwa mchemko. Pembezoni yanachomoza maji meupe yenye povu, mafuta yanaelea juu yake, na chumvi, bizari na pilipili manga vilivyopakwa kwa uangalifu vinaogelea humo. Mpishi anangoja maji yakauke. Yanapokauka, samaki ameshaiva kupita kiasi, amekakamaa, na hana rangi wala harufu ya kukaangwa. Mboga za mchanganyiko zinazouzwa kwenye mifuko ya plastiki, zile za karoti, njegere, mahindi na maharage machanga, hufika mahali hapo hapo kwa njia fupi zaidi: zinalowa, zinalegea, zinapoa mdomoni.

Kutokana na hayo watu husema chakula cha friza hakina ladha. Nadhani hilo ni kukisingizia. Samaki aliyegandishwa akiwa bado mbichi hasa ana ladha yake yote, na mara nyingi anamzidi yule aliyelala juu ya meza ya soko tangu alfajiri. Kinachomharibu ni maji, na maji hayo hufanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza huosha viungo. Pili hushikilia joto chini. Maji yakiwapo kikaangoni, sehemu ile haiwezi kupita nyuzi 100 za Selsiasi, kwa sababu joto lote linaloongezwa huishia kuyageuza kuwa mvuke. Rangi ya kahawia na harufu ya kukaanga, ambazo ndizo nusu ya ladha ya samaki wa kukaanga, huanza kujengeka kwa kasi nyama inapokaribia nyuzi 140. Kwa hiyo kulowa na kukosa ladha ni kosa moja, na anayetafuta ladha kwa kuongeza viungo kwenye kikaango chenye maji anahangaika bure. Ashughulikie maji kwanza.

Maji hayo hutoka wapi? Nitachukua mnofu wa sangara, ambaye kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya wengi humwita mbuta, kwa kuwa ndiye anayepatikana kwa urahisi kwenye friza za maduka yetu na nyama yake imeshikana vya kutosha kuvumilia moto.

Sehemu ya kwanza ni ngozi ya barafu iliyo juu ya mnofu. Viwanda vya samaki huigandisha minofu, kisha huichovya haraka kwenye maji baridi au kuinyunyizia, ili ipate tabaka jembamba la barafu. Tabaka hilo lina kazi ya kweli: huzuia hewa kavu ya friza isiifyonze nyama unyevu wake na isiyachachushe mafuta ya samaki. Ndiyo maana mnofu wenye tabaka hilo hukaa miezi bila kupata yale mabaka meupe makavu. Lakini kazi yake huishia kwenye friza. Likiingia kikaangoni linakuwa kijiko kimoja au viwili vya maji, kabla samaki mwenyewe hajatoa hata tone.

Sehemu ya pili ni ndani ya nyama. Maji yakigeuka barafu hutanuka kwa takriban asilimia 9, na chembe za barafu zinapokua hutoboa kuta za seli. Ukubwa wa chembe hizo hutegemea kasi. Nyama ikipita upesi kati ya nyuzi 1 na nyuzi 5 chini ya sifuri, ambako maji mengi ya samaki huganda, chembe hubaki ndogo na nyama husalimika. Ikikawia hapo kwa saa nyingi, chembe hukua na kuzipasua seli, na siku ya kupika kila seli iliyopasuka humwaga kilichokuwa ndani yake. Mmarekani Clarence Birdseye aliliona jambo hili miaka ya 1910 alipokuwa akiishi Labrador, mashariki mwa Kanada, ambako Wainuiti waliwatoa samaki majini na baridi kali ikawagandisha papo hapo. Walipopikwa miezi kadhaa baadaye walikuwa kana kwamba wamevuliwa jana. Katika miaka ya 1920 alitengeneza mashine za kuiga kasi ile, na mwaka 1930 vyakula vyake vilivyogandishwa vilianza kuuzwa madukani katika mji wa Springfield, Massachusetts.

Friza ya nyumbani haina kasi hiyo. Na hata samaki aliyegandishwa vyema kiwandani anaweza kuharibiwa njiani au nyumbani, umeme unapokatika, akalegea nusu, kisha akaganda tena polepole. Hapo chembe ndogo huyeyuka na kuungana na kubwa, na hakuna ufundi wa jikoni utakaoyarudisha maji yale mahali pake. Kwa hiyo kazi inaanzia dukani. Mfuko wa njegere uutikise: punje zinatakiwa kugongana kama changarawe. Zikiwa zimeshikana bonge moja, ziliwahi kuyeyuka. Mfuko wa minofu uutazame kwenye pembe: theluji nyingi iliyojikusanya humo, au barafu ya rangi ya waridi chini ya mfuko, ni maji yaliyokwisha kutoka kwenye nyama. Mnofu uliopinda kwa umbo la kitu kilichokuwa kimeulalia nao ulilegea wakati fulani. Mfuko wa namna hiyo uache, na kama umeshaupata, upeleke kwenye mchuzi, si kwenye kikaango.

Sehemu ya tatu ni sisi wenyewe. Tunafunika mapema, tunajaza kikaango, tunatia chumvi mwanzoni ambayo inavuta maji nje, na tunaweka vitu vya barafu kwenye chombo ambacho hakijapata moto. Hapa inafaa kujua gharama ya barafu. Joto linaloyeyusha gramu moja ya barafu linatosha kuyapasha maji yale yale kutoka sifuri hadi nyuzi 80. Kuyageuza maji hayo kuwa mvuke hugharimu karibu mara saba ya kile kilichoyayeyusha. Moto wa jiko la kawaida la gesi hauwezi kuilipa gharama hiyo kwa minofu sita kwa wakati mmoja. Kwa miwili unaweza.

Sasa tumpike. Chukua mnofu wa sangara wa gramu 180 hivi, wenye unene wa sentimita 2 mahali pake panene zaidi. Unene ndio utakaokuambia muda, uzito hauna neno sana. Kikaango kiwe kizito, cha chuma au chenye kitako kinene, kwa sababu chuma kizito huhifadhi joto na hakipoi ghafla kinapoguswa na barafu. Kiweke kwenye moto wa wastani unaoelekea kuwa mkali na ukiache kitupu kwa dakika mbili au tatu.

Wakati kinapata moto, pitisha mnofu chini ya bomba la maji baridi huku ukiusugua kwa vidole. Utahisi utelezi wa barafu, halafu utelezi utaisha na utagusa nyama yenyewe. Inachukua sekunde kumi au zaidi kidogo. Usiuloweke, maana ukikaa majini unaanza kuyeyuka na kunywa maji. Ukaushe mara moja kwa karatasi ya jikoni au kitambaa safi, ukiukandamiza pande zote mpaka kitambaa kitoke kikavu. Kisha upake mafuta kwenye mnofu wenyewe, pande zote mbili. Mafuta yaliyopakwa yanaigusa nyama kila mahali, wakati yale yanayomiminwa kikaangoni hukimbilia pembeni na kurusha matone moto yanapokutana na barafu. Mafuta ya alizeti yanafaa. Siagi iache kwa sasa, itaungua. Chumvi na viungo pia uviache: juu ya nyama iliyoganda havishiki, na vitateremka na tone la kwanza la maji.

Ulaze mnofu kikaangoni na usiuguse. Usiufunike. Kwa dakika tatu au nne unachotaka ni mvuke upate njia ya kutoka. Utasikia mlio mzito wa maji mwanzoni, kisha mlio unakuwa mwepesi na mkali, wa mafuta. Huo mlio wa pili ndio saa yako, na ninauamini kuliko dakika za kwenye karatasi, kwa sababu majiko hayafanani. Maji yakikusanyika waziwazi, inamisha kikaango uyamwage au uyafyonze kwa karatasi iliyoshikwa kwa koleo, kisha endelea. Mnofu ulio tayari kugeuzwa huachia chuma wenyewe ukisukumwa kwa upawa. Unaong'ang'ania bado haujapata rangi.

Ugeuze. Sasa uso wa juu una rangi, ni mkavu na una moto, na ndani bado kuna baridi. Huu ndio wakati wa chumvi, bizari, pilipili manga, saumu iliyopondwa na kuchanganywa na mafuta kidogo, au chochote unachokipenda. Vitashika. Punguza moto uwe wa wastani na ufunike kwa mfuniko unaokaza. Kufunika ambako kungeharibu kila kitu dakika tano zilizopita sasa kunasaidia, kwa kuwa rangi imeshapatikana na kinachohitajika ni joto la upole lifike katikati. Kwa unene wa sentimita 2, dakika sita hadi nane zinatosha. Utaratibu huu wa kukaanga upande mmoja wazi, kugeuza, kutia viungo na kufunika si wangu. Wauzaji wa samaki wa Alaska wameufundisha kwa wapishi wa nyumbani kwa ajili ya samoni na samaki wao weupe, na kwa sangara unafanya kazi vizuri vile vile.

Kujua kama ameiva, ingiza ncha ya kisu katikati ya sehemu nene, ihesabu hadi tano, kisha iguse kwenye mdomo wa chini. Ikiwa ya moto, ameiva. Ikiwa vuguvugu, mrudishie dakika mbili. Nyama iliyoiva imeacha kung'aa kama kioo na inaachana kwa tabaka. Mwenye kipimajoto cha jikoni atafute nyuzi 63 katikati, kiwango ambacho mamlaka za chakula za Marekani hukitaja kwa samaki. Akipita nyuzi 70 protini zinazidi kujikaza na kuyakamua maji yaliyobaki, na hapo ndipo yale mabonge meupe yanapotokea kwenye nyufa za nyama. Ndimu iwe ya mwisho, moto ukiwa umezimwa.

Kuna faida moja ambayo wengi hawaitarajii. Mnofu mwembamba uliokwisha kuyeyuka huiva katikati kabla nje haijapata rangi, na mpishi analazimika kuchagua kati ya rangi na ulaini. Ulioganda una baridi ndani inayoilinda katikati yake, kwa hiyo nje inapata nafasi ya kukaangika. Kwa minofu ya sentimita moja na nusu hadi mbili na nusu, kupika moja kwa moja kutoka friza ni njia nzuri kwa haki yake, hata siku ambayo mtu hana haraka.

Kwa mchuzi wa nazi hesabu inageuka. Hapa maji hayafukuzwi, yanatengewa nafasi. Kaanga kitunguu, saumu, tangawizi na nyanya mpaka mafuta yajitenge, tia bizari, kisha tui zito peke yake bila tui jepesi. Acha likolee mpaka mchuzi uwe mzito kuliko unavyotaka kuula, na chumvi izidi kidogo ile ambayo ungeona imetosha. Samaki ataurekebisha. Minofu iliyosuguliwa barafu na kukaushwa uilaze ndani katika safu moja, mchuzi ukitokota polepole, ufunike nusu, na uitingishe sufuria badala ya kukoroga. Wakanada wana kanuni ya jikoni inayosema dakika 10 kwa kila unene wa sentimita 2.5, na muda huo uongezwe mara mbili kama samaki ameganda. Kwa mnofu wetu hiyo ni dakika 16 hivi. Mimi huanza kuchungulia kwenye ya kumi na mbili. Mwishoni mchuzi utakuwa umeshuka uzito na chumvi hadi mahali pake.

Mboga nazo zina tofauti moja kubwa na samaki: zimeshaiva nusu. Kabla ya kugandishwa, kiwandani huchovywa kwenye maji yanayochemka au mvuke kwa muda mfupi ili kuzima vimeng'enya ambavyo vingeendelea kuzibadilisha rangi na ladha hata ndani ya friza. Anayezichemsha tena kwa dakika kumi anazipika mara ya pili, na kile kilichobaki cha ladha yao anakimwaga kwenye sinki pamoja na maji. Hazihitaji maji hata kidogo. Zinahitaji kupata moto na kukaushwa.

Kwa kikaango kipana cha sentimita 28, gramu 250 hadi 300 zinatosha, yaani safu moja isiyolaliana. Familia kubwa ipike kwa mikupuo miwili. Zitikise kwanza ndani ya chujio ili theluji idondoke, lakini tofauti na samaki, usizioshe, maana punje ndogo zina uso mwingi na maji ya bomba yatagandia juu yake upya. Kikaango kiwe cha moto hasa, mafuta vijiko viwili, mboga ziingie, uzitandaze na uziache dakika mbili bila kukoroga. Kukoroga mapema kunaleta punje za baridi kwenye chuma kila sekunde na moto haupandi. Mlio utafuata mkondo ule ule, wa maji kisha wa mafuta. Ukishasikia wa mafuta, zigeuze, ziache tena. Mahindi na karoti yakianza kupata madoa ya kahawia, zisukume pembeni, tia katikati mafuta kidogo au siagi, kisha saumu na tangawizi kwa nusu dakika, changanya, na chumvi iwe ya mwisho kabisa. Saumu iliyotangulia ingeungua au ingechemka, kutegemea nani ameshinda kati ya moto na barafu. Kazi yote ni dakika saba au nane.

Zihakikishe zina moto hadi ndani, usizitupie kwenye saladi zikiwa zimeyeyuka tu. Maji ya moto ya kiwandani hayana dhamana ya kuua vijidudu vyote, na bakteria wa listeria hustahimili baridi ya friza na huongezeka hata ndani ya friji. Mwaka 2018 wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walihusisha mlipuko wa ugonjwa huo katika nchi kadhaa na mahindi yaliyogandishwa, na ushauri wao ulikuwa mboga hizi zipikwe vizuri hata pale zinapoonekana tayari kuliwa.

Mchicha na spinachi za bonge hazifuati njia hii. Bonge liweke kwenye sufuria kavu, lifunikwe hadi lilegee, kisha lifunuliwe maji yakauke au likamuliwe kwa mwiko kwenye chujio. Ndipo liende kwenye karanga au tui. Kwa pilau au wali wa mboga, mboga za mchanganyiko ziingie wali unapokaribia kukauka, juu kabisa bila kukorogwa, na mvuke wa dakika za mwisho utazimaliza.

Njia hii ina mipaka, na sangara huikumbusha mapema, kwa kuwa ni samaki mkubwa na kipande cha mgongo wake kinaweza kuwa na unene wa sentimita 4 au zaidi. Kilichozidi sentimita 3 hakifai kutoka friza kwenda kikaangoni, kwani nje itakauka kabla ya katikati kuyeyuka. Wala usikiweke mezani kutwa nzima kiyeyuke. Kwa jodari, nguru na vibua hilo ni hatari zaidi, kwa sababu nyama yao ikikaa kwenye joto hutengeneza histamini inayoleta uso mwekundu, kuumwa kichwa na kutapika, na sumu hiyo haiondolewi na kupika. Kiyeyushwe ndani ya friji usiku kucha, juu ya chujio lenye bakuli chini, ili maji yanayotoka yasirudi kwenye nyama. Kwa haraka, kitiwe kwenye mfuko uliofungwa vizuri na kuzamishwa kwenye maji baridi kwa nusu saa.

Kukaanga kwa mafuta mengi ndiko kunakohitaji tahadhari kubwa kuliko kote. Unga haushiki kwenye barafu, na barafu inayozama kwenye karai la mafuta ya moto hugeuka mvuke unaochukua nafasi zaidi ya mara elfu moja na mia tano ya maji yake. Mafuta hufura, hupita ukingo wa karai na kukutana na moto wa gesi au mkaa. Minofu iliyopakwa chenga za mkate kiwandani imetengenezwa ipikwe ikiwa imeganda, na maelekezo yake yamo kwenye boksi. Mnofu mtupu unaotaka kuutia unga, uyeyushe kabisa, unyunyizie chumvi, uuache robo saa utoe maji, uukaushe kwa kitambaa, na ndipo uuviringishe kwenye unga na kuutia kwenye mafuta papo hapo, kabla unga haujalowa.